Mawe ya njia ya kona yameisha kabla ya mlango, au yamebaki lundo: tafuta kosa liko wapi

Hii ni ya mtu ambaye ameshapima, ameshanunua, fundi yuko kazini, na hesabu inakataa. Unakuta njia imefika karibu na veranda mawe yameisha, ama njia imekwisha na kuna lundo la peva limebaki kando ya ukuta na hakuna anayejua limetoka wapi. Kampala na Entebbe huku watu wengi wanapenda njia ya kupinda kwenye kompaundi, kutoka geti kuzungukia nyasi hadi nyumbani, na ni hiyo kona ndo inaleta shida, njia iliyonyooka haisumbui mtu.

Kwanza tuwe na njia moja ya mfano tuitumie mpaka mwisho. Upana mita 1.2. Kutoka geti inanyooka mita 4, halafu inapinda kona kamili ya digrii 90, halafu inanyooka tena mita 2.5 hadi ngazi ya veranda. Kona imechorwa kwa kigingi na kamba, na kamba kutoka kigingi hadi katikati ya njia ina mita 3, yaani hiyo ndo rediasi ya mstari wa katikati. Mawe ni yale ya kawaida ya mstatili, sentimita 20 kwa 10, unene 6, ambayo yanaingia 50 kwa skwea mita.

Mstari wa katikati kwenye kona ni robo ya duara, kwa hiyo 3 mara 1.57, inatoka mita 4.71. Ukijumlisha na pande mbili zilizonyooka unapata mita 11.21. Zidisha na upana:

```
11.21 × 1.2 = 13.45 skwea mita
13.45 × 50  = mawe 673
```

Hii hesabu ya urefu wa katikati mara upana si ya kubahatisha, kwenye kona inatoa eneo lenyewe kabisa, kwa sababu kile upande wa nje unachozidi ndicho upande wa ndani unachopungua. Kwa hiyo kama idadi imekataa usianze kulaumu fomula. Ama kilichopimwa hakikuwa mstari wa katikati, ama upana si ule ulioandika, ama mawe yamepangwa kwa namna ambayo hayajazi eneo.

Anza na sehemu iliyonyooka

Kabla ya kugusa kona, rudi kwenye zile mita 4 za getini na uhesabu mawe yaliyoingia pale. Mpangilio wetu ni safu zinazokata njia, kila safu mawe sita, kila safu inasogea mbele sentimita 10. Mawe yakibanana kabisa mita 4 zinakula mawe 240. Ila hayabanwi kabisa, yanaachwa milimita 2 hadi 5 kati ya jiwe na jiwe ili mchanga laini uingie, na ukiacha milimita 3 mita hizo 4 zinakula kama 233. Ukiacha milimita 5 zinakula kama 229. Kwa hiyo popote kati ya 229 na 240 ni sawa.

Ukipata namba hiyo, bas, sehemu iliyonyooka haina kosa na shida iko kwenye kona peke yake. Ukipata namba iliyo mbali na hiyo, mfano 215 au 260, shida ni upana au saizi ya jiwe na itakuwa imeenea njia nzima, hata ukipima kona upya mara ngapi haitakusaidia. Nasisitiza hili kwa sababu nimeona watu wanafumua kona nzuri kabisa wakati kosa liko getini.

Saizi ya jiwe unaipima hivi: panga mawe kumi kwenye mstari na nafasi zake kama fundi anavyopanga, vuta tepu. Kwa upande mfupi inatakiwa isome karibu mita 1.03, kwa upande mrefu karibu mita 2.03. Usipime jiwe moja, jiwe moja linadanganya, hasa haya yanayofyatuliwa kwa moldi za plastiki ambazo zikizeeka zinatanuka.

Mawe yameisha, bado kama mita moja kufika mlangoni

Sehemu iliyonyooka iko sawa lakini mawe yamepungua kama 55 hivi. Karibu kila mara mtu alipima upande wa ndani wa kona. Ni kosa rahisi sana kufanya kwa sababu upande wa ndani ndo ule wenye nyasi au maua, unatembea umeshika tepu unaufuata. Kwenye njia yetu upande wa ndani una rediasi ya mita 2.4, kwa hiyo kona pale ina mita 3.77 badala ya 4.71. Jumla inakuwa mita 10.27, eneo 12.32, mawe 616. Umekosa mawe 57, na hayo ni karibu mita nzima ya njia.

Kama yamepungua machache, kama 28 hivi, uliza kama tepu ilivutwa moja kwa moja kutoka mwanzo wa kona hadi mwisho wake. Tepu ikikata kona inasoma mita 4.24. Dawa si tepu ya bei, ni vigingi vingi: chomeka vigingi katikati ya njia kila nusu mita, laza kamba ya katani ipite kwenye vyote, halafu inyooshe hiyo kamba chini na uipime. Kwa rediasi ya mita 3, vipande vya nusu mita vinapoteza kama sentimita nusu tu kwenye kona nzima. Usitumie kamba ya nailoni inayovutika, ukiishika kwa nguvu inakupa urefu wake na si wa njia.

Halafu kuna ile ambayo kipimo kilikuwa sawa kabisa, mtu aliagiza 673 kamili, na bado yameisha. Hapa hakuna kosa la kupima, kuna kukata ambako hakukuhesabiwa. Ukipitisha mstari wa kona juu ya mawe ya mstatili, kila mita ya ukingo inapita juu ya mawe kama tisa au kumi, na kila jiwe lililopitiwa linakatwa. Kwa wastani nusu inabaki njiani na nusu inakuwa kipande. Kama vipande vyote vinatupwa unapoteza karibu mawe 5 kwa kila mita ya ukingo uliopinda. Kona yetu ina kingo mbili, 3.77 na 5.65, jumla mita 9.42, na hiyo ni mawe kama 47. Fundi makini anachukua kipande kilichokatwa upande wa ndani anakijaribu upande wa nje, na anaweza kuokoa hata nusu ya hayo, lakini wewe agiza kama vile hataokoa.

Mtu akikwambia ongeza asilimia 10 kwa sababu ni njia ya kupinda, ni ushauri mzuri ila hauangalii kona ina ukubwa gani. Njia ndefu yenye kona moja itabakiza mengi, na njia fupi ambayo yote ni kona itapungukiwa. Mimi napenda hesabu ya ukingo: pima mita za kingo zilizopinda, zidisha na 5, ongeza na machache ya kuvunjika. Kwa njia yetu ni 673, ongeza 47, ongeza kama 15 ya kuvunjika, inakuwa 735. Muuzaji anauza kwa skwea mita, kwa hiyo hiyo ni mita 15 kamili na unabaki na akiba kidogo. Chukua yote siku moja kutoka fungu moja, kwa sababu ukirudi kuongeza mawe 60 baadaye rangi nyekundu ya fungu jipya haifanani na ya kwanza na kiraka kitaonekana. Na mawe mabichi, ambayo yamefyatuliwa juzi na hayajamwagiliwa maji siku za kutosha, yanakatika pembe ukiyapiga grainda, ukiona hivyo 15 ya kuvunjika haitoshi.

Mawe yamebaki mengi, na njia inaonekana nzuri

Hapa kuna sababu mbili zinazotoa karibu namba ileile na ndo maana zinachanganya.

Ya kwanza ni kupima upande wa nje. Nje kuna rediasi ya 3.6, kona inakuwa 5.65, jumla 12.15, mawe 729. Umezidisha 56.

Ya pili ni kabstoni, yale mawe ya kufunga ukingo wa njia. Ulipanga upana wa mita 1.2 ukutani hadi nyasi, fundi akaweka kabstoni za unene wa sentimita 5 kila upande ndani ya upana huo, sasa nafasi ya mawe ni mita 1.1. Mita 11.21 mara sentimita 10 zilizopotea ni skwea mita 1.12, ambayo ni mawe 56. Namba ileile! Ukiangalia lundo tu huwezi kujua ni ipi. Ndo maana tulianza na sehemu iliyonyooka: kama ni kabstoni, zile mita 4 za getini zitakuwa zimekula kama mawe 215 badala ya 235, na kila safu ina mawe matano na nusu. Kama ni upande wa nje, getini pako sawa kabisa.

Kama bado hujaweka kabstoni, mwambie fundi zikae nje ya ule upana wa 1.2, ili safu za mawe sita ziingie bila kukata. Mawe sita na nafasi zake tano yanachukua mita 1.215, kwa hiyo mpe hiyo 1.215 na usimlazimishe kwenye 1.2 kamili.

Na kama yamebaki kama 77 hivi, mtu alipima hadi kwenye pembe kana kwamba njia inakata kona kwa skwea: mita 3 mbele, mita 3 pembeni, akaandika 6 badala ya 4.71.

Mawe yamebaki mengi, na kwenye kona kuna nafasi kama za meno

Hii ndo mbaya kuliko zote na ndo nataka tukae nayo, kwa sababu mwenye nyumba anaweza hata kufurahi kwamba mawe yamebaki. Fundi hakukata jiwe lolote. Alifika kwenye kona akaanza kugeuza safu kidogo kidogo, ndani mawe yamegusana, nje yameachana. Halafu akachanganya saruji akajaza zile nafasi.

Hesabu inaonyesha kilichotokea. Upande wa ndani una mita 3.77, kila safu na nafasi yake ni sentimita 10.3, kwa hiyo ziliingia kama safu 37. Safu 37 mara mawe sita ni mawe 222. Lakini eneo la kona lilitakiwa mawe 283. Yale 61 yaliyobaki hayakuzidi, nafasi yake iko pale chini imejazwa saruji. Upande wa nje safu hizo 37 zimegawana mita 5.65, ambayo ni sentimita 15.3 kila moja, na jiwe lina 10 tu. Yaani nafasi ya zaidi ya sentimita 5 kati ya jiwe na jiwe.

Saruji hiyo haidumu. Mawe yamekaa juu ya mchanga na yanacheza kidogo yakikanyagwa, saruji haichezi, kwa hiyo inapasuka, maji yanaingia, na mvua za Machi hadi Mei zikija mchanga wa chini unaanza kuhama na mawe ya upande wa nje yanatitia. Ukikuta kona ya zamani ambayo mawe ya nje yamelala na ya ndani yako imara, angalia nafasi zake utaelewa.

Kuna mtu atauliza, si ningefanya kona iwe pana zaidi ili tofauti ipungue? Hapana, na hili wengi hawalijui: tofauti kati ya upande wa nje na wa ndani haitegemei ukubwa wa kona. Inategemea upana wa njia na umegeuka digrii ngapi. Kwa kona ya 90 ni upana mara 1.57, kwa njia yetu mita 1.88, iwe rediasi ni mita 3 au mita 30. Kona kubwa inachosaidia ni kugawa hizo mita 1.88 kwa safu nyingi zaidi, kwa hiyo kila nafasi inakuwa ndogo. Ukitaka nafasi ya nje isizidi sentimita 1 kwa njia ya upana huu, hata ukibana ya ndani hadi milimita 2, rediasi inatakiwa ifike karibu mita 16. Kompaundi ngapi zina hiyo?

Kujua kona yako iko juu au chini ya hizo mita 16 huhitaji kutafuta kigingi cha katikati ya duara. Chukua kamba ya mita 2, ishikwe miisho yote miwili kwenye mstari wa katikati wa njia, halafu pima katikati ya kamba kuna umbali gani hadi kwenye mstari. Ukipata sentimita 3 au chini, safu zinaweza kugeuzwa bila kukata. Ukipata zaidi ya hapo lazima ukate. Njia yetu ya mfano inatoa sentimita 17, ambayo iko mbali kabisa.

Tiba: kama mashine ya kushindilia haijapita bado, na saruji haijamwagwa, fumua kona tu, sehemu zilizonyooka ziache. Mwambie fundi kwa upole, "Fundi, hapa kwenye kona tukate, usigeuze safu," na mpe yale mawe 61 aliyodhani ni ya ziada. Aendelee na safu moja kwa moja kana kwamba hakuna kona, mawe yazidi nje ya mistari ya pande zote, halafu achore ukingo kwa chaki akifuata kamba kutoka kwenye kigingi na akate kwa grainda yenye diski ya kukatia mawe, ikiwa na maji, miwani na barakoa, ile vumbi ya zege si ya kuvuta. Kona ya 90 ikiisha utaona safu ambazo mwanzoni zilikuwa zinakata njia sasa zinaifuata kwa urefu, na watu wengi wanaona inapendeza, ila sema mapema kama hutaki. Usiruhusu kipande kilicho chini ya theluthi ya jiwe kikae ukingoni, kitatoka. Badala yake jiwe la jirani yake nalo likatwe, vipande viwili vya ukubwa wa kati vishike nafasi hiyo. Kabstoni ndo zifungwe mwisho, na zege nyuma yake, bila hivyo hata kona iliyokatwa vizuri itafunguka.

Njia ina shingo katikati ya kona

Hapa mawe yamebaki na njia imekuwa nyembamba pale inapopinda. Fundi alilaza mpira wa maji kuchora ukingo mmoja, akaupenda, halafu akauinua vilevile akausogeza mita 1.2 pembeni akachora wa pili. Mistari miwili inafanana kabisa na ndo tatizo, kwa sababu kingo mbili za kona hazitakiwi kufanana. Pale njia inapokuwa imegeuka digrii 30 upana halisi umeshuka hadi mita 1.04, na kwenye 45 ni sentimita 85, watu wawili hawapishani. Upana upimwe kwa kukata mstari wa katikati kwa skwea, sentimita 60 kila upande, kwenye kila kigingi. Kinyume chake nacho kipo: tepu ikilazwa mshazari ukaandika 1.3 pale ambapo ni 1.2, umeongeza mawe asilimia 8 kwenye kona bila sababu.

Nilipima upande mmoja tu na idadi imetoka sawa

Inawezekana kama njia yako ni ya S. Ikigeuka kushoto digrii 60 halafu kulia 60, upande ambao ulikuwa wa ndani unakuwa wa nje, na urefu unajilipa wenyewe. Eneo liko salama, lakini mawe ya kukata hayajilipi, kingo zilizopinda ni nyingi zaidi, kwa hiyo ile hesabu ya mawe 5 kwa mita ifanye kwa kona zote mbili.

Kona kali sana, kuzunguka mti

Kama njia inazunguka shina la mwembe au fenesi na mstari wa katikati una rediasi chini ya nusu ya upana, yaani chini ya sentimita 60 kwa njia yetu, upande wa ndani haupo tena, umekuwa ncha. Pale acha urefu mara upana. Igawe hiyo sehemu iwe mistatili miwili na kipande cha kona, pima kila kimoja peke yake, na uhakikishe eneo la shina na mizizi yake umelitoa kabla hujazidisha na 50.